Windows Mpya katika Kompyuta ya Zamani

Yafaa ujue kwamba Windows mpya haiiongezei kompyuta kuukuu nguvu. Picha za mchezo huchorwa na chombo kile kile cha zamani.

Mwana wa kaka yangu ana kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 4. Alipotoka Windows 10 kwenda Windows 11, mchezo wake wa mpira ukawa unakwenda vema, mara unakwama, mara unaendelea. Tulibonyeza Ctrl+Shift+Esc ili tufungue Task Manager. Mchezo haujafunguliwa bado, na Windows imekwisha kutumia karibu GB 3. Mchezo nao wataka GB 2. Kilichozidi hupelekwa kwenye diski, nayo diski ni nzito mno kuliko kumbukumbu, ndiyo maana mchezo ukasimama kuingojea.

Tukaongeza kumbukumbu ya GB 4, kukwama kukaisha. Lakini picha zilibaki 30 kwa sekunde, kama zamani.

Pengine kumbukumbu ina nafasi, na bado mchezo umepungua mwendo. Hapo tazama Memory integrity ndani ya Windows Security. Ulinzi huo hula nguvu kidogo, lakini ukiuzima umewafungulia wezi mlango.

Matunzo ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Basi hama kwa ajili ya usalama, si kwa kutafuta mwendo. Na kabla ya kuhama, pima kwanza kumbukumbu yako.