Inawaka, lakini Si Nzima

Diski ninayoisimulia niliinunua mjini Mpanda tarehe 11 Machi, ikiwa mpya, kwa dhamana ya mwaka mmoja. Juu yake nilihifadhi mahojiano niliyoyarekodi na wazee wa Kabungu kuhusu mashamba na misitu yao. Mwezi Agosti baadhi ya mafaili yakaanza kufunguka kwa shida, na rekodi tatu hazikufunguka kabisa. Mmoja wa wazee waliozungumza humo ameshafariki.

Niliirudisha dukani. Muuzaji akaichomeka, akaona inawaka, programu yake ikaandika PASSED, naye akanirudishia kwa upole: "Mwalimu, ni nzima hii. Labda umeme wa kwenu." Sikubishana naye. Nilirudi nyumbani, nikanakili kilichosalia, kisha nikaandika barua ifuatayo. Naiweka hapa kwa sababu wengi wetu hushindwa katika madai ya dhamana tukiwa na haki, kwa kukosa ushahidi tu.

*Ndugu Muuzaji,*

*Salamu. Naomba unibadilishie diski niliyoinunua kwako, ambayo stakabadhi yake nimeiambatisha. Namba yake ya utambulisho iliyomo katika ripoti ni ileile iliyo kwenye lebo ya diski, hivyo hakuna shaka kuwa ripoti ni ya diski hii.*

*Kila diski hujiwekea kumbukumbu za afya yake, ziitwazo SMART. Tarehe 18 Agosti nilizisoma kwa amri hii:*

```
smartctl -a /dev/sda
```

*Mistari inayohusika ni hii:*

```
  5 Reallocated_Sector_Ct    184
  9 Power_On_Hours          1126
197 Current_Pending_Sector    48
199 UDMA_CRC_Error_Count       0
```

*Mstari wa 5 unahesabu sehemu za diski zilizoharibika hata diski yenyewe ikazitelekeza na kutumia za akiba. Mstari wa 197 unahesabu sehemu zisizosomeka, ambazo bado hazijaamuliwa hatima yake. Tarehe 12 Agosti hesabu hizo zilikuwa 16 na 8. Katika siku sita zimefika 184 na 48. Kinachonitia wasiwasi zaidi ya ukubwa wa hesabu ni kwamba zinaendelea kupanda.*

*Ulitaja umeme, nami naikubali hoja hiyo kuwa ya kweli kwa kiasi. Umeme ukikatika diski ikiwa inaandika, sehemu iliyokuwa ikiandikwa huweza kutosomeka, na mstari wa 197 ukapanda. Lakini sehemu ya namna hiyo ikiandikwa upya hupona, na mstari wa 5 hubaki ulipokuwa. Hapa mstari wa 5 unapanda, maana yake diski imejaribu kuziandika upya ikashindwa. Aidha, kompyuta yangu inatumia betri ya akiba. Waya nao si chanzo: waya mbovu huonekana katika mstari wa 199, nao ni sifuri.*

*Kuhusu neno PASSED: neno hilo husema tu kwamba hakuna kipimo kilichovuka mpaka uliowekwa na mtengenezaji, na mpaka huo huwa mbali mno. Kwa hiyo niliiagiza diski ijipime yenyewe, mwanzo hadi mwisho:*

```
smartctl -t long /dev/sda
```

*Jipimo hilo halikumalizika. Lilisimama na kuandika "Completed: read failure". Tafadhali lirudie mbele yangu, nitasubiri.*

*Saa 1126 ni takribani saa saba kwa siku tangu Machi. Hayo si matumizi ya kupita kiasi. Naomba diski mpya ya ukubwa uleule ndani ya siku 14, pamoja na majibu ya maandishi, yawe ya kukubali au kukataa.*

*Wako,*
*Mteja wako wa Kabungu*

Barua haikutaja sheria, na nilifanya hivyo kwa makusudi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa, na Tume ya Ushindani ipo kwa malalamiko ya walaji. Lakini muuzaji wa Mpanda naye ni mnunuzi: anamdai msambazaji wake, na msambazaji hatamsikiliza kwa maneno "mteja kalalamika". Ripoti ile ilikuwa silaha yake pia. Siku ya kumi alinipigia simu, nikaenda kuchukua diski mpya.

Nami niwe mkweli kuhusu ushahidi huu. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000, wakakuta kwamba zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimetoa onyo lolote katika vipimo vikuu vya SMART. Vipimo vikilia, viamini, vikinyamaza, usivitegemee. Dhamana hurudisha diski. Sauti ya yule mzee haikurudi, kwa kuwa nilikuwa nimeihifadhi mahali pamoja tu, na kosa hilo lilikuwa langu, si la muuzaji.