Saa Nane Mchana: Mfasiri na Tovuti ya Hoteli

1.0 Utangulizi

Mwanzoni mwa mwaka 2024 mfasiri mmoja wa Dar es Salaam alipewa kazi ya kuiandika kwa Kiswahili tovuti ya hoteli ndogo iliyoko pwani ya Tanga. Matini ya asili ilikuwa ya Kiingereza, na programu ya kupokea maombi ya vyumba ilikuwa imetengenezwa Marekani. Mfasiri huyo alikuwa amezoea mikataba na vitabu vya kiada, na kurasa chache za hoteli hazikumtisha. Aliimaliza kazi kwa siku nne, akaikabidhi bila wasiwasi.

Wiki chache baadaye meneja wa hoteli alimpigia simu. Familia moja kutoka Muheza ilikuwa imefika kabla ya saa mbili asubuhi, ikiwa na bibi mkongwe aliyehitaji kupumzika kabla ya harusi ya mjukuu wake jioni ya siku hiyo. Ukurasa wa Kiswahili ulikuwa umewaambia kwamba wageni hupokewa "kuanzia saa 2:00 mchana". Chumba hakikuwa tayari hadi saa nane, na bibi alikaa kwenye benchi la mapokezi kwa muda wa saa sita. "Mwalimu," meneja alimwambia, "nimeusoma ukurasa mara mbili. Kila neno ni Kiswahili. Sasa kosa liko wapi?"

Makala haya yanafuatilia jibu ambalo mfasiri huyo alilazimika kulitafuta. Jibu lenyewe linahusu tofauti baina ya tafsiri na ujanibishaji. Tafsiri hushughulika na maneno. Ujanibishaji hushughulika pia na yale ambayo mfasiri hudhani hayahitaji kufasiriwa, yaani tarakimu, na huuliza msomaji wa mahali fulani atafanya nini baada ya kuzisoma.

2.0 Saa na Tarehe

Kosa la kwanza lilitokana na kuhesabu. Kiingereza huanza kuhesabu saa za siku usiku wa manane na adhuhuri, ilhali Kiswahili huanza kuchwa na kucha kwa jua. Tofauti ni saa sita. Mfasiri alikuta "2:00 PM", akaiacha tarakimu ilivyo, kisha akaongeza neno "mchana". Lakini neno hilo lina maana mbili: muda wa kuanzia adhuhuri hadi karibu na alasiri, na pia mwanga wote wa siku kinyume cha usiku. Kwa msomaji wa Muheza, "saa 2:00 mchana" haikuwa na utata wowote. Ilikuwa saa mbili ya mchana, si saa mbili ya usiku, na saa mbili ya mchana ni asubuhi.

Baada ya simu ile mfasiri alipitia tovuti nzima. Aliona kwamba muda wa kuondoka, "10:00 AM", alikuwa ameuandika "saa 10:00 asubuhi". Aliyeielewa hivyo alidhani anatakiwa kuondoka saa kumi alfajiri, kabla hata ya adhana. Masahihisho yenyewe ni mepesi: huondolewa sita kutoka katika tarakimu ya mfumo wa saa ishirini na nne, na jibu likizidi kumi na mbili huondolewa kumi na mbili zaidi. Kwa hiyo 14:00 ni saa nane mchana, 10:00 ni saa nne asubuhi, na 20:00, inayobakiza kumi na nne, ni saa mbili usiku. Tarakimu ikiwa sita au pungufu, huongezwa sita: 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi.

Ugumu uko kwenye maandishi. Msomaji huyohuyo ana simu inayomwonyesha 14:00, naye huitazama na kutamka "saa nane" bila kusita. Macho yake yamezoea hesabu moja na ulimi wake hesabu nyingine. Tarakimu inayozidi kumi na mbili haimpotezi, kwani hakuna saa ya kumi na nne katika Kiswahili. Tarakimu iliyo chini ya hapo, mathalani 8:00, inaweza kuwa ya hesabu yoyote kati ya hizo mbili. Mfasiri aliamua kwamba katika matini ya Kiswahili saa itaandikwa kwa maneno na kufuatwa na sehemu ya siku, na kwamba tarakimu za saa ishirini na nne zitawekwa katika mabano kwa ajili ya wale wanaopanga safari kwa simu. Sehemu ya siku nayo haiwezi kuachwa, kwani bila ya hiyo "saa nne" ni mbili.

Tarehe zilileta tatizo la namna hiyohiyo. Programu ile iliandika 05/06/2024 kwa kutanguliza mwezi, kama ilivyo desturi ya Marekani, ikimaanisha tarehe 6 Mei. Msomaji wa Afrika Mashariki, anayetanguliza siku, huona tarehe 5 Juni. Kosa hili hujificha zaidi kuliko la saa, kwa sababu hutokea tu pale siku isipozidi kumi na mbili. Kuanzia tarehe kumi na tatu hakuna mwezi wa kuchanganya, na anayejaribu programu mwishoni mwa mwezi hatagundua lolote. Dawa yake ni kuuandika mwezi kwa jina na kutaja siku ya juma. Anayetaka Jumatano akiona Jumatatu atashtuka kabla hajalipa.

Mfasiri alimwomba fundi wa tovuti aitenge thamani inayosomwa na kompyuta na maneno yanayosomwa na mtu:

```
<time datetime="2024-06-05T14:00">
Jumatano, 5 Juni 2024, saa nane mchana (14:00)
</time>
```

Maneno hayo yalibidi yaandaliwe na mfasiri mwenyewe. Hazina ya data za lugha iitwayo CLDR, ambayo vivinjari huitegemea, inayo majina ya miezi na ya siku kwa Kiswahili, lakini haiigeuzi saa kwa kuisogeza mara sita. Anayeiachia mashine kazi yote atapata siku ya Kiswahili na saa ya Kiingereza katika sentensi moja.

Lilibaki suala la usiku. Katika desturi ya pwani siku mpya huingia jua linapokuchwa, hivyo kwa wazee wengi "usiku wa Ijumaa" ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Hoteli huuza malazi kwa kuhesabu usiku, na kosa la usiku mmoja ni kosa la chumba kizima. Mfasiri aliyakwepa mabishano kwa kutaja mipaka: "kuingia Alhamisi saa nane mchana, kuondoka Ijumaa saa nne asubuhi, malazi ya usiku mmoja".

3.0 Fedha

Bei za asili zilikuwa za dola, na mwanzoni mfasiri aliandika "dola 70" akaendelea. Mwezi Machi 2025 zilitolewa kanuni zilizopiga marufuku kutangaza bei za bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni nchini Tanzania, na hoteli ikamwita tena. Safari hii alijua kwamba kazi haikuwa ya kuzidisha tu. Kuzidisha kwa kiwango cha siku ile kungeleta bei kama 186,340, ambayo hakuna mwenye hoteli angeipanga, na ambayo ingebadilika kila kiwango kinapobadilika. Aliwataka wenye hoteli wapange bei ya shilingi wao wenyewe, nao wakapanga 180,000.

Alama ya sarafu ilihitaji uangalifu pia. Katika risiti za mkono Mtanzania huandika 180,000/= na kila mtu huelewa. Lakini Mkenya na Mganda nao huandika hivyohivyo, na Tanga ina wageni wengi wanaovuka mpaka wa Horohoro kutoka Mombasa. Katika mwaka 2025 shilingi moja ya Kenya ilikuwa sawa na kiasi cha shilingi ishirini za Tanzania. Mgeni wa Mombasa akidhani shilingi hizo ni zake, chumba cha kawaida kinageuka kuwa cha kifalme, naye hataandika kuuliza. Ataufunga ukurasa na kwenda zake. Kwa sababu hiyo bei iliandikwa "TSh 180,000 kwa chumba, kwa usiku mmoja". Neno "chumba" liliongezwa kwa makusudi, kwani bei isiyosema ni ya mtu au ya chumba huzaa ugomvi mapokezini.

4.0 Vipimo

Katika vipimo mfasiri alielekea kukosea kwa upande wa pili, yaani kwa kujanibisha kupita kiasi. Alidhani kwamba, kwa kuwa Tanzania hutumia mfumo wa mita, kila futi lazima igeuzwe. Bwawa la kuogelea la futi 40 kwa 20 likawa "mita 12.19 kwa 6.10". Usahihi huo ni wa uongo, kwani aliyepima kwa Kiingereza alikadiria tu; mita 12 kwa 6 zatosha. Kwenye kina alikuwa mwangalifu zaidi. Futi tano aliziandika "zaidi kidogo ya mita moja na nusu", kwa kuwa mzazi anayesoma kina cha maji asipewe tarakimu iliyopunguzwa.

Vitanda ndivyo vilivyomfundisha. Aliandika upana wa "sentimita 183", na mhudumu wa hoteli akamuuliza kama hicho ni sita kwa sita. Seremala wa Tanzania huchonga, na mteja hununua, kitanda cha nne kwa sita, tano kwa sita au sita kwa sita, na hizo ni futi. Godoro na shuka huuzwa kwa majina hayo. Mtu huyohuyo hupima safari kwa kilomita, shamba kwa ekari na joto kwa nyuzi za Selsiasi. Kipimo hufuata kitu kinachopimwa, wala hakuna jedwali moja litakalomtosha mfasiri.

5.0 Sauti ya Matini

Matini ya asili ilimwita msomaji kwa bashasha na kumharakisha. Ilipoandikwa kwa Kiswahili sanifu, bashasha hiyo iligeuka amri: "Hifadhi sasa!", "Wahi!" Aidha, salamu ilizua swali ambalo Kiingereza hakilijui. "Hujambo" humvunjia heshima mzee. "Shikamoo" itamfikia kijana wa miaka ishirini na kumchekesha. Tovuti haimwoni inayemsalimu. Neno linalowafaa wote ni "karibu", nalo lilitosha.

Kosa kubwa zaidi la sauti lilikuwa katika fomu. Mgeni aliyesahau kujaza tarehe alijibiwa "Umekosea". Mwenyeji wa pwani hamwambii mgeni wake hivyo mlangoni. Iliandikwa badala yake: "Tarehe ya kuondoka haijajazwa. Tafadhali ijaze ili tuendelee." Upungufu umehamishwa kutoka kwa mtu kwenda kwenye fomu, na mgeni ameelezwa la kufanya.

6.0 Hitimisho

Kwa masahihisho ya mwisho mfasiri hakulinganisha tena Kiswahili na Kiingereza, kwani ulinganisho huo ndio uliolipitisha kosa la kwanza. Aliwasomea kurasa watu watatu wasioiona matini ya asili, na hakuwauliza kama wameelewa, maana wote wangeitikia. Aliuliza: utatoka nyumbani saa ngapi? Utabeba shilingi ngapi? Mkiwa wanne, mtahitaji vitanda vingapi? Mmoja wao alikuwa mkazi wa Muheza. Alipofikia mstari wa kupokewa wageni alifikiri kidogo, akasema angepika kwanza chakula cha mchana, wale nyumbani, ndipo wapande basi.