Karanga za likizo na gramu 600 zilizotupwa

Desemba iliyopita mtoto wa dada yangu, aliyekuwa amemaliza mtihani wa kidato cha pili, alirudi nyumbani jioni akiwa na vumbi la saruji hadi kwenye kope. Alikuwa ametoka kwenye jengo linalojengwa mtaa wa pili, huku Dar es Salaam, ambako alifanya kazi ya saidia fundi kutwa nzima. Mkononi alikuwa na shilingi 10,000, shingoni amechubuka kwa ndoo za zege.

Dada alinipigia simu. Mimi ndiye mama mdogo, halafu naandika habari za afya, kwa hiyo kila linalohusu mwili wa mtu kwenye ukoo wetu huletwa kwangu. Nilipofika kijana akaniamkia, kisha akauliza kabla sijakaa, "Mama mdogo, kwani kufanya kazi ni kosa?"

Si kosa. Ana miaka 15, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mtoto kuanzia miaka 14 kufanya kazi nyepesi, yaani isiyodhuru afya yake wala kumzuia kwenda shule. Sheria hiyohiyo inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na kwenye orodha ya kazi za hatari imeandika kubeba mizigo mizito, pamoja na kazi za migodini na za baa. Zege haina pa kupita hapo. Nikamwambia hivyo, naye akaniuliza swali ambalo mzazi anayekataza lazima awe na jibu lake: "Sasa nifanye nini?" Alitaka viatu vya shilingi 35,000.

Tulichagua karanga za kukaanga kwa sababu mtaji ulikuwa mdogo, kazi yote ilifanyika uani, na wateja ni majirani wanaotufahamu. Nilimkopesha shilingi 25,000, tukakubaliana arudishe kabla shule haijafunguliwa. Sharti langu lilikuwa moja tu, kwamba kabla ya kukaanga, kila punje ipite kwenye vidole vyake.

Mzazi yeyote atakayemruhusu mwanawe auze karanga anapaswa kuelewa sababu ya sharti hilo. Karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu huota aina ya kuvu anayetengeneza sumukuvu. Sumu hiyo huharibu ini, na ukiila kidogo kidogo kwa miaka inaweza kukuletea saratani ya ini. Ikiwa nyingi, huua ndani ya siku chache. Mwaka 2016 watu takriban 20 walifariki Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Wengi hudhani moto unaimaliza. Kukaanga huipunguza, hakuiondoi. Nafuu iliyopo ni kwamba kwa kawaida sumu nyingi hukaa kwenye punje chache zilizoharibika, kwa hiyo ukizitoa hizo umetoa sehemu kubwa ya hatari.

Tukamwaga kilo tano kwenye ungo mchana wa jua. Nilimwonyesha punje za kutoa. Kuna zilizonyauka na kukunjamana, zilizobadilika rangi kuwa za kijivu au nyeusi, zenye unga wa kijani au manjano, zilizotobolewa na wadudu na zilizopasuka. Ukitilia shaka, toa. Ilimchukua karibu saa mbili, na tulipopeleka zilizotolewa kwenye mizani ya dukani zilikuwa gramu 600.

Kijana akachukua daftari akapiga hesabu. Alikuwa amepanga kifuko kimoja kiwe gramu 70 na kiuzwe shilingi 500. Gramu 600 zilikuwa vifuko vinane, shilingi 4,000.

"Mama mdogo, hii si ndiyo faida yenyewe?"

Alikuwa sahihi kabisa. Karanga alinunua shilingi 4,000 kwa kilo, yaani 20,000. Vifuko vya karatasi ya kaki vilimgharimu 3,000, mkaa 1,500, chumvi 300. Jumla 24,800. Kilo 4.4 zilizobaki zilipungua uzito kwa kukauka jikoni, zikatoa vifuko 59, sawa na shilingi 29,500. Akiuza vyote anabaki na 4,700. Kwa hiyo alichotupa kilikuwa karibu sawa na atakachopata, na mtu mzima aliyezoea biashara angeweza kushawishika hapo.

Alishawishika kidogo. Kesho yake nilizikuta zile mbovu kwenye kopo nyuma ya mlango. Jirani mfuga kuku alikuwa amemwambia atazinunua kwa shilingi 1,000. Hakuniona mkali, maana hata watu wazima hufanya hivyo, na wengine husaga punje mbovu ziwe siagi ya karanga kwa kuwa zikishasagwa hakuna anayeziona. Nilimweleza kwamba kuku nao hudhurika na sumukuvu na inaweza kufika hata kwenye mayai, kisha nikamuuliza mayai ya yule jirani huliwa na nani. Sisi ndio tunaonunua pale. Akachukua jembe akazifukia mwenyewe.

Kwenye kukaanga nilisimama naye siku zote, kwa sababu mchanga wa moto unaunguza vibaya. Jiko lilikaa chini kwenye sakafu tambarare, yeye akiwa amevaa viatu, wadogo zake wakiwa ndani. Karanga alizichovya dakika tano kwenye maji ya chumvi, akazichuja na kuzianika mpaka zikauka, ndipo akazitia kwenye sufuria ya mchanga safi uliooshwa, moto mdogo, mwiko ukizunguka bila kupumzika. Kosa la wanaoanza ni kusubiri ziwe ngumu zikiwa bado jikoni. Karanga ya moto huwa laini hata ikiwa imeiva. Toa chache, ziache zipoe, tafuna. Ndani zikiwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, epua, kwa maana zinaendelea kuiva zikiwa nje ya moto.

Mkupuo wa kwanza ulimtia hasara. Alikuwa na haraka ya kuuza, akazifunga zikiwa na joto. Mvuke ukabaki ndani ya vifuko, na asubuhi karanga zilikuwa zinatafunika kama mhogo wa kuchemsha. Wateja 11 walirudisha. Alirejesha 5,500 na kuingia hasara ya shilingi 800. Dada alitaka kumfidia, nikamwomba asimfidie. Kuanzia hapo alizitandaza kwenye sinia kwa zaidi ya saa moja, zikifunikwa na kitambaa safi, na hakugusa kifuko mpaka kiganja kisihisi joto lolote.

Kuhusu kufungashia, msitumie gazeti, hata hili letu. Wino si chakula. Wala msibane kifuko kwa pini za stepla, kwani zikichomoka huishia mdomoni mwa mtu. Yeye alikunja mdomo wa kifuko mara mbili na kubandika kwa gundi ya karatasi. Karatasi haizuii unyevu wa Dar, kwa hiyo alikaanga zinazoweza kuisha ndani ya siku tatu au nne. Kipimo kilikuwa vikombe viwili vya kahawa vilivyofutwa juu, baada ya kuvihakiki kwenye mizani ya dukani.

Aliuza kibarazani kwetu saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, na vingine alivipeleka duka la Mangi. Kituo cha daladala nilikataa, usiku vilevile. Nilimpa pia amri moja ambayo wateja waliiona ya ajabu, kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano asiuziwe wala asipewe karanga nzima, kwa sababu inaweza kupita njia ya hewa ikamziba pumzi. Mama mmoja alimwambia, "Wewe mfanyabiashara gani unakataa hela?" Akajibu kwamba mama yake mdogo ni wa magazeti. Sijui kama ni sifa ile.

Mkupuo wa pili tulikwenda sokoni pamoja. Tulipita wauzaji wanne mpaka tukampata aliyeturuhusu kuchota kutoka katikati ya gunia badala ya juu tu. Karanga zake zilikuwa kavu, ukizitikisa mkononi zinalia, na hazikuwa na harufu ya uvundo. Bei ilikuwa 4,400 kwa kilo, na kijana akanung'unika. Nyumbani alitoa gramu 150 tu. Zilizobaki zilitoa vifuko 65, yaani shilingi 32,500, na gharama zote zilikuwa 27,050. Alibakiwa na 5,450, kuliko alizozipangia zile za bei rahisi, na kuchagua hakukumaliza hata saa moja. Hakunung'unika tena.

Naomba tusidanganyane kuhusu usalama lakini. Kuchagua kwa mkono hupunguza sumukuvu, hakuthibitishi kwamba imekwisha, kwa sababu yenyewe haionekani, hainuki wala haina ladha. Kipimo cha kweli ni cha maabara. Ndiyo maana nilimruhusu auze mifuko michache mtaani wakati wa likizo, na nikamwambia kwamba siku akitaka kuifanya biashara ya kudumu tutaanzia kwa afisa afya wa kata kuuliza masharti ya kuuza chakula.

Alikaanga mara nne katika wiki tano. Ukitoa hasara ya mwanzo na shilingi 1,500 za vijana wawili waliokopa na kuhama njia, alibaki na 14,050 baada ya kunirudishia mtaji wangu wote. Siku mbili za zege zingempa zaidi. Alinitajia hilo mwenyewe usiku wa mwisho wa likizo, daftari likiwa wazi mbele yake, na sikuwa na la kubisha kwenye hesabu. Nilimwonyesha tu shingo yake, palipochubuka pakiwa pamebaki alama.

Viatu havikutosha. Alinunua madaftari makubwa matano na kalamu, akaweka kilichobaki kwa mama yake. Januari Mangi aliniuliza yule kijana wa karanga yuko wapi, wateja wanamtafuta. Nilipomfikishia salamu alisema nimwambie mpaka Juni, na nimuulize kama deni la vifuko sita la wiki ya Krismasi amelisahau.