Duka Linamlipa Nani?

Mwenye fremu alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, shilingi 720,000. Kabla ya kutoa, shangazi aliniita Mbagala nimhesabie kama duka linajilipa.

Nilianza na pesa zinazotoka hata asipoingia mteja: kodi 120,000 kwa mwezi, umeme na taka 30,000, na mshahara wa mdogo wangu anayeuza pale, 150,000. Jumla 300,000, yaani 10,000 kila siku.

Elfu kumi hizo hazitoki kwenye mauzo yote, zinatoka kwenye kinachobaki baada ya kurudisha bei ya mzigo. Mfuko wa sukari wa kilo 50 unamfikia dukani kwa 132,000 pamoja na nauli ya bodaboda. Anauza kilo 2,900, lakini mizani ya kupimia robo robo hula kama kilo moja, kwa hiyo anapata 142,100. Kinachobaki ni 10,100. Angekuwa anauza sukari peke yake, angehitaji kumaliza karibu mfuko mzima kila siku ili kufidia gharama tu.

Lakini anauza pia sabuni, viberiti na dawa za mswaki, zenye faida kubwa zaidi. Kutafuta faida ya kila kitu kungetuchosha, hivyo kwa wiki mbili tuliandika mauzo yote na bei tuliyonunulia kila kilichouzwa. Mauzo yalikuwa 1,260,000, mzigo wake 1,108,800. Kwa kila shilingi 100 iliyoingia, 12 zilibaki.

Gawanya 10,000 kwa 0.12, unapata kama 83,300. Hapo ndipo duka halipati faida wala hasara kwa siku. Shangazi anauza wastani wa 90,000.

“Basi tunapita,” akasema.

Tulikuwa tunapita kwa mauzo ya 6,700, ambayo yakishatolewa mzigo hubaki 800. Hiyo ndiyo inayobaki kwa ajili yake, anayefungua saa kumi na mbili asubuhi. Na unga anaopikia nyumbani hutoka rafuni bila kuandikwa. Ukizidi 800 kwa siku, anakula mtaji. Dalili yake si droo tupu, ni rafu kupungua huku pesa za kununua mzigo hazitoshi kuzijaza.

Nilihesabu tena bila mshahara wa mdogo wangu. Gharama zikashuka hadi 5,000 kwa siku, na mauzo ya kufidia yakawa kama 41,700. Kwa mauzo yaleyale, shangazi angebaki na 5,800. Sikuisoma kwa sauti, kwani mdogo wangu alikuwa anapima mchele hatua mbili kutoka tulipokaa.

Shangazi alivuta daftari, akaisoma mwenyewe, akalifunga.

“Mwanangu, atauza jioni tu,” akasema taratibu. “Asubuhi akatafute kingine.”