Barua Iliyorudishwa: Kuomba Karadha ya Mshahara

Barua rasmi unayojifunza darasani mimi niliwahi kuiandika nikiwa na shida ya kweli. Nilikuwa mwalimu mgeni Mtwara, nimepata chumba na sebule huko Chuno kwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba, kama walivyo wengi, alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani shilingi 300,000. Nilikuwa na 120,000 tu. "Mwalimu, mwisho Ijumaa. Yupo mwingine anakisubiri," aliniambia.

Usiku ule nilimwandikia mwajiri wangu ukurasa mzima. Nilieleza ugeni wangu na ugumu wa maisha, nikamaliza kwa kuomba "msaada wowote". Jumatano asubuhi mhasibu alinirudishia barua. "Mwalimu, pole. Lakini unataka shilingi ngapi? Na nikukate kiasi gani, kwa miezi mingapi?"

Niliona aibu, maana barua za namna hiyo nilikuwa nazifundisha. Anwani mbili, tarehe, salamu na kichwa cha habari vyote vilikuwepo. Kilichokosekana ni ombi lenyewe. Nikaketi, nikaandika upya kiini chake:

"YAH: MAOMBI YA KARADHA YA MSHAHARA SH. 180,000/=

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba karadha ya shilingi 180,000 ili nikamilishe kodi ya nyumba ya miezi sita, inayotakiwa kulipwa Ijumaa wiki hii. Naridhia nikatwe shilingi 60,000 kila mwezi kwa miezi mitatu, kuanzia mshahara wa mwezi huu. Nimeambatanisha nakala ya mkataba wa pango."

Angalia maneno "naridhia nikatwe". Hayo si mapambo. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri anayetaka kukata deni la namna hii kwenye mshahara anahitaji ridhaa ya mfanyakazi kwa maandishi. Bila sentensi hiyo, mhasibu hana cha kushika.

Angalia pia ile 60,000. Mshahara wangu ulikuwa 400,000. Ningeahidi kulipa yote kwa mwezi mmoja, ningebaki na 220,000 kabla ya makato mengine, na mwezi uliofuata ningerudi kuomba tena. Kabla ya kuandika kiwango cha makato, piga hesabu ya chakula na nauli.

Fedha nilipewa Alhamisi jioni. Ijumaa nikakabidhiwa ufunguo.

Basi ukiulizwa swali la barua ya maombi ya fedha, ukimaliza kuandika jisomee kama mhasibu. Je, umeona kiasi, sababu, siku ya mwisho na namna ya kurejesha? Kimojawapo kikikosekana, barua yako nayo itarudishwa.