Kitanda kilipwe na kampuni, chakula kiachiwe msafiri

Kampuni nyingi za Dar es Salaam na Nairobi siku hizi zina waraka wa safari za kikazi unaofanana sana na ule wa kampuni za huku Marekani. Una orodha ya hoteli zilizoidhinishwa, kikomo cha bei ya chumba, utaratibu wa kuhifadhi nafasi na sharti la risiti. Hata hivyo, huku waraka huo hufuatwa bila makelele mengi, na kule nyumbani huzaa mvutano usiokwisha kati ya wahasibu na wasafiri. Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba sisi hatupendi utaratibu. Sikubaliani nayo. Tofauti iko kwenye jambo moja ambalo waraka wenyewe haulitaji kwa sababu huku linachukuliwa kuwa limeshaeleweka: fedha ya kitanda na fedha ya chakula ni mafungu mawili, na kila fungu lina sheria yake. Kwetu yote mawili yamo ndani ya posho moja ya siku. Ukiweka kikomo cha hoteli na sharti la risiti juu ya posho ya namna hiyo, hakuna kinachoshikika.

Mfano wa wazi zaidi wa huku ni viwango vinavyotangazwa na GSA, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia, pamoja na mengine, gharama za safari za watumishi wa umma. Kampuni binafsi hazilazimiki kuvifuata, lakini nyingi huvitumia kama kipimo. Kwa mwaka wa fedha ulioanza Oktoba 2024, maeneo ya kawaida yalipangiwa dola 110 za chumba kwa usiku na dola 68 za chakula na matumizi madogo kwa siku. Hizo dola 110 ni kikomo tu. Aliyelala kwa dola 95 hulipwa 95, na lazima alete ankara ya hoteli. Dola 68 ni malipo ya mkupuo: hakuna anayeuliza ulikula nini, na ukibakiza ni zako. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi hulipwa asilimia 75 yake, yaani dola 51. Mamlaka ya kodi nayo inafuata mantiki hiyo hiyo. Kwa kawaida haidai risiti ya matumizi yaliyo chini ya dola 75, ila malazi hudaiwa risiti hata yakiwa ya bei ndogo kiasi gani.

Mgawanyo huo una sababu. Bei ya chumba ni kubwa, inajulikana mapema, na hoteli ni taasisi inayoweza kutoa ankara inayoonyesha kila usiku na kila kodi. Kuikagua ni rahisi na kuna faida. Chakula ni matumizi madogo madogo yaliyotawanyika, na mhasibu anayefuatilia risiti ya chai na chapati anatumia muda wenye thamani kubwa kuliko chai yenyewe. Kwa hiyo ukaguzi unaelekezwa palipo na fedha, na msafiri anaachiwa uhuru palipo na vitu vidogo.

Sasa tuchukue mfano wa nyumbani, kwa tarakimu nilizozipanga ili hesabu ionekane. Kampuni ya Dar inamtuma mfanyakazi Dodoma kwa siku nne, akilala huko siku tatu. Posho yake ni shilingi 200,000 kwa siku, jumla 800,000. Anatafuta gesti ya 40,000 kwa usiku, hiyo ni 120,000, na anakula kwa 30,000 kwa siku, 120,000 nyingine. Anabaki na 560,000. Weka sasa utaratibu wa mafungu mawili. Kampuni inailipa hoteli 120,000 kwa usiku, jumla 360,000, na inampa msafiri 60,000 ya chakula kwa siku kamili na 45,000 kwa siku ya kuondoka na ya kurudi, jumla 210,000. Kampuni imetumia 570,000 badala ya 800,000. Msafiri akila vilevile kwa 120,000, anabaki na 90,000. Amepoteza 470,000, na kampuni imeokoa 230,000 tu. Hizo 240,000 nyingine zimekwenda kwenye kitanda, kwani ndiyo tofauti kati ya hoteli na gesti aliyoichagua mwenyewe.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini orodha ya hoteli zilizoidhinishwa haipendwi. Chini ya posho ya mkupuo, kila shilingi ambayo msafiri hakulipia malazi ni yake. Kampuni kwa kweli inamlipa alale pabaya. Anaweza kupanga chumba kisicho na usalama, au kukaa kwa ndugu nje ya mji na kuchelewa kikaoni, na ofisi isijue yuko wapi usiku ambao barabara imekatika kwa mafuriko. Vilevile anapata sababu ya kutaka safari iwe ya siku nne hata kama kazi ni ya siku mbili. Utafiti uliofanywa Tanzania, Malawi na Ethiopia kwa ajili ya shirika la maendeleo la Norwe, Norad, na kutolewa mwaka 2012, ulieleza jinsi posho za safari zinavyogeuka nyongeza ya mshahara na kuchochea safari na semina zisizo za lazima. Utafiti ule ulihusu zaidi utumishi wa umma na miradi ya wafadhili, lakini kishawishi hakibadiliki kwa kuwa mwajiri ni kampuni binafsi.

Pingamizi kubwa ni la haki, na lazima lijibiwe kwa heshima. Watu watasema posho hiyo ndiyo inayolipa ada za shule, na kuiondoa ni kupunguza mshahara kwa mlango wa nyuma. Ni kweli. Kampuni inayobadilisha waraka wake na kuweka mfukoni zile 230,000 zote imepunguza kipato cha watu wake, na isishangae wakikataa. Jawabu ni kupeleka sehemu ya akiba hiyo kwenye mshahara, mahali ambapo inahesabiwa kwenye mchango wa NSSF na benki inaiangalia mtu anapoomba mkopo. Posho haifanyi lolote kati ya hayo. Tena posho humfikia yule anayesafiri tu. Mtunza stoo na karani wa mapokezi, ambao kazi yao haiwatoi ofisini, hawaioni kabisa. Atakayelipwa kwenye mshahara atakatwa kodi, naam, lakini kipato kinachotegemea bosi kukuchagua kwa safari si kipato cha kupangia maisha.

Hayo hayana maana kwamba kila kinachofanyika huku kinafaa kuhamishwa. Kampuni nyingi za Marekani humtaka mfanyakazi alipie hoteli kwa kadi yake ya mkopo, kisha asubiri kurudishiwa. Anayeanza kazi anaweza kubeba deni la mwajiri wake kwa wiki kadhaa. Kwa hilo, kule nyumbani wako mbele: masurufu hutolewa kabla ya safari, na hakuna anayetegemewa kuikopesha kampuni. Kwa kuwa wafanyakazi wengi hawana kadi za mkopo, njia inayofaa kwetu ni hoteli kupewa LPO na kuidai kampuni moja kwa moja. LPO hiyo iandikwe kwa makini: jina la mgeni, tarehe za kuingia na kutoka, bei ya chumba pamoja na kifungua kinywa, na sentensi isemayo kwamba dobi, vinywaji na mengineyo yanalipwa na mgeni mwenyewe. Iseme pia mwisho wa kufuta nafasi ni lini na nani atapiga simu safari ikiahirishwa. Bila hivyo hoteli itadai usiku ambao hakuna aliyelala, na lawama itaangukia mtu asiyehusika.

Kikomo cha bei nacho kinahitaji maneno machache ambayo mara nyingi husahauliwa. Waraka ukisema 120,000 bila kutaja kodi, hoteli inaweza kuielewa kuwa bei kabla ya VAT. Kwa asilimia 18 ya Tanzania Bara chumba kinakuwa 141,600, na kwa siku tatu kuna 64,800 isiyo na mwenyewe. GSA inalimaliza hilo kwa kusema wazi kwamba, ndani ya Marekani, kikomo chake hakihusishi kodi za chumba, zinazorudishwa kando. Kwetu ni rahisi zaidi kusema kikomo kinajumuisha kila kitu, ilimradi kisemwe. Kisha kikomo kifuate mji na msimu. Dodoma wakati wa Bunge la Bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, si Dodoma ya Septemba. GSA hupanga viwango tofauti kwa miezi tofauti katika miji ya namna hiyo, na inaruhusu hadi asilimia 300 ya kiwango kwa idhini maalumu. Kampuni isiyoweka mlango kama huo inawafundisha watu wake kutafuta dirisha.

Wahasibu watapinga kwamba kuacha risiti za chakula ni kukaribisha udanganyifu. Kinyume chake ndicho kinachotokea. Udanganyifu wa chakula unahitaji risiti. Mtu anayelipwa mkupuo hana sababu ya kuomba risiti tupu mgahawani wala kuongeza sifuri. Hata wakusanya kodi wamelikubali hilo kwa kiasi chao: Sheria ya Fedha ya Kenya ya 2025 ilipandisha posho ya siku isiyokatwa kodi kutoka shilingi 2,000 hadi 10,000. Nguvu zilizookolewa zihamie kwenye ankara ya hoteli. Ujumbe wa M-Pesa, sawa na karatasi ya mashine ya kadi, unathibitisha kwamba fedha imelipwa. Hausemi imelipia nini. Kinachotakiwa ni ankara yenye kila usiku, pamoja na risiti ya EFD yenye TIN ya kampuni, ambayo uhalali wake unaweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya TRA. Dalili za tatizo zinaonekana zikitafutwa: risiti za siku tatu zilizotoka mashine moja zikipishana dakika mbili, au wageni wawili wa gesti ndogo ambao risiti zao zina namba zinazofuatana ilhali walisafiri wiki tofauti.

Lipo pingamizi la mwisho, la watu wa mashambani. Mkaguzi wa mradi anayelala kijijini hatapata hoteli ya kupokea LPO, na gesti yake huenda haina EFD. Kwa safari hizo waraka uruhusu kiwango kidogo cha malazi cha mkupuo, kinacholingana na bei halisi ya gesti za huko, pamoja na fomu iliyosainiwa na kupigwa muhuri na mwenyeji wake. Hilo ni badiliko la njia ya uthibitisho tu, kwa kuwa fungu la kitanda bado halikuchanganywa na la chakula. Kampuni inayotaka waraka unaotekelezeka ianze kwa kuivunja posho yake vipande viwili, itangaze kwa tarakimu sehemu gani ya akiba inarudi kwenye mishahara, ndipo iandike orodha ya hoteli.