Alama ngapi zatosha?

Leo nina kisa cha binamu yangu anayesoma chuo Marekani. Juzi alinitumia ujumbe usiku: "Kaka, naacha hesabu. Nahitaji 87.5 kwenye mtihani wa mwisho na sitaipata." Ufadhili wake unadai angalau 75 katika kila somo, na siku ya mwisho ya kuacha somo ilikuwa kesho yake.

Nikamwomba anisomee kanuni za mwalimu. Mitihani mitatu ya katikati ya muhula, kila mmoja asilimia 20. Wa mwisho ni asilimia 40. Alikuwa na 78, 52 na 70. Na chini kabisa, mstari ambao hakuuzingatia: alama ya mwisho itachukua nafasi ya ile ya chini kabisa, ikiwa tu ni kubwa kuliko hiyo.

87.5 yake ilitoka hapa: mitihani mitatu inampa 40, zimebaki 35, gawanya kwa 0.4. Lakini akipita 52, ile 52 inaondoka, na mtihani wa mwisho unabeba asilimia 60 badala ya 40. Zile mbili zinazobaki, 78 na 70, zinampa 29.6. Kwa hiyo (75 - 29.6) / 0.6 ni 75.67. Tofauti ya karibu alama 12, jamani! Akipata 75 kamili anaishia 74.6, basi lengo likawa 76.

Mimi na tabia zangu, nikaandika programu papo hapo kwa njia hiyo ya pili. Kisha nikaijaribu kwa lengo la 60. Ikanijibu 50.67. Hapo nikashtuka, maana 50.67 ni ndogo kuliko 52, na kanuni haikubali 52 ishushwe. Kwa lengo hilo 52 inabaki, na jibu sahihi ni (60 - 40) / 0.4, yaani 50. Programu ilikuwa ikimdai mtu alama asizodaiwa.

Njia hizo mbili zinakutana mtihani wa mwisho ukiwa 52 hasa, jumla ikiwa 60.8. Lengo likiwa chini ya hapo unatumia ya kwanza, juu yake ya pili. Wala huhitaji kuandika `if`. Kwa kuwa mwanafunzi hupewa jumla iliyo kubwa kati ya hizo mbili, alama anayohitaji ni ndogo kati ya majibu mawili:

```
min((L - 40) / 0.4, (L - 29.6) / 0.6)
```

L ni lengo. Jibu likizidi 100, hapo ndipo uache somo.

Hakuliacha. Alipata 79, jumla ikawa 77.